Jiko la Gesi na Aibu Zake: Karatasi Tuliyoiandika Kifungilo

Anayeuza jiko la gesi lililokwisha kutumika aghalabu huandika maneno machache: jiko zuri, pleti nne, halina tatizo. Maneno hayo ni mafupi na yanapendeza, lakini hayamwambii mnunuzi jambo hata moja analolihitaji. Hayamwambii ni pleti ngapi kati ya hizo nne zinazowaka sawasawa, jiko linaungwa vipi na mtungi, mpira wake una umri gani, wala ni nani aliyekagua uvujaji, kwa njia gani na siku ipi. Mwenye kununua kabati bovu hupoteza fedha zake. Mwenye kununua jiko linalovuja huweza kupoteza watu wa nyumba yake wakiwa usingizini.

Jambo hili limekuwa karibu nasi kuliko zamani. Mwaka 2024 Serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, unaokusudia kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi. Huku kwetu Usambara, ambako kuni zilikuwa zikitoka shambani na kwenye kingo za misitu, majiko ya gesi sasa yanapanda kutoka Mombo yakiwa juu ya paa za magari. Na kila jiko jipya linaloingia nyumbani hulisukuma la zamani liende kwa jirani, kwa shemeji, au kwa mtu asiyejulikana kabisa. Ndipo swali la maelezo linapozuka: muuzaji aseme nini?

Swali hilo lilitufikia katika kamati ya msikiti wetu hapa Kifungilo. Familia moja iliyokuwa ikihamia Tanga ilitukabidhi jiko lake la pleti nne lenye oveni, tuliuze, na fedha zitakazopatikana ziingie katika ununuzi wa tangi la maji ya udhu. Kwa kuwa mimi ni katibu, kuandika tangazo likawa jukumu langu. Mwenye jiko alitupa ruhusa ya kulikagua na kulitengeneza inapobidi, kisha gharama ikatwe katika bei. Tulitarajia shilingi 280,000. Tulikubaliana pia kwamba karatasi ibandikwe kwenye mlango wa duka la jirani na mauzo yafanyikie huko, kwa sababu biashara haipendezi ndani ya msikiti.

Kabla ya kuandika neno lolote, nilimwomba kijana wetu mmoja anayetengeneza majiko tulitoe jiko uani, tukalitazama sehemu moja baada ya nyingine. Nayaeleza hapa yale tuliyoyatazama, kwa utaratibu ule ule, ili mwenye kuuza na mwenye kununua wajue nini cha kuandika na nini cha kuuliza.

Pleti na moto wake

Kuhesabu pleti ni kazi ya mtoto. Kinachotakiwa ni kuwasha kila moja na kutazama rangi na umbo la moto. Moto mzuri wa gesi ni wa buluu, umesimama imara juu ya vitundu vyake, na umezunguka pleti nzima bila pengo. Moto wa njano unaoyumba na kuacha masizi chini ya sufuria ni dalili kwamba gesi haichanganyiki na hewa ya kutosha. Mara nyingi sababu ni uji au mchuzi uliomwagika ukaziba vitundu, au kofia ya pleti imekaa upande. Pleti tatu za jiko letu ziliwaka vizuri. Ya nyuma upande wa kulia iliwaka nusu. Tuliiosha, tukazibua vitundu kwa kijiti cha mbao, moto ukazunguka, lakini upande mmoja ulibaki na ncha za njano kwa kuwa kofia yake imeliwa na kutu. Basi tukaandika hivyo hivyo: pleti nne, tatu nzima, moja ina kofia iliyochakaa.

Kuna jambo la huku milimani ambalo ndugu zetu wa pwani hawalioni. Mji wa Lushoto uko katika kimo cha takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya kimo hicho ni nyepesi kwa kiasi cha asilimia 15 kuliko ya Tanga. Jiko lililorekebishwa pwani likawaka buluu tupu, likifika huku laweza kuonyesha ncha za njano bila ubovu wowote. Majiko mengine yana kipande cha bati chini ya pleti kinachosogezwa ili hewa iongezeke, na fundi hulirekebisha kwa dakika chache. Ndiyo maana muuzaji asiseme tu kwamba moto ni mzuri, bali aseme pia ameuona ukiwaka wapi.

Baada ya moto kuna usalama wa moto. Majiko mengine yana kifaa cha kukata gesi endapo moto utazimika wenyewe, ama kwa upepo ama kwa maziwa kufurika. Kukijaribu ni rahisi. Washa pleti, iache ipate moto kwa dakika mbili, kisha funga gesi kwenye mtungi bila kugusa swichi ya jiko. Moto utakufa, na baada ya muda usiozidi kama dakika moja utasikia mlio mdogo, tak, ndani ya jiko: kifaa kimejifunga. Usiposikia kitu, ama kifaa hakipo ama kimekufa. Jiko letu lilitoa mlio huo kwenye oveni peke yake. Pleti za juu hazina kifaa hicho. Hili si bovu, maana limeundwa hivyo, lakini mnunuzi lazima alijue, kwa sababu pleti ikizimwa na upepo wa dirishani gesi itaendelea kutoka mpaka mtu afunge.

Cheche za kuwashia nazo zilikuwa zimekufa. Tuliandika: jiko linawashwa kwa kiberiti. Na anayewasha kwa kiberiti huwasha njiti kwanza ndipo akafungua gesi, si kinyume chake.

Namna linavyoungwa

Hapa ndipo matangazo mengi hunyamaza, na hapa ndipo mnunuzi hufika nyumbani akakuta vitu havishikani. Kati ya mtungi na moto kuna maungio matatu, na kila moja lina aina yake. La kwanza ni kati ya mtungi na regyuleta, kile kifaa kinachopunguza nguvu ya gesi. Kuna regyuleta za kukaza kwa kuzungusha na kuna za kubonyeza zikajifunga, na zile za kubonyeza zina vipimo tofauti. Regyuleta isiyo ya mtungi wako yaweza kukaa juu yake ikaonekana imeshika, kumbe haikuziba. Kwa hiyo usinunue jiko pamoja na regyuleta yake kabla hujauliza ilikuwa ya mtungi wa kampuni gani na wa kilo ngapi.

Ungio la pili ni kati ya regyuleta na mpira, na la tatu ni kati ya mpira na jiko. Nyuma ya jiko, mpira huvishwa kwenye mdomo wa chuma wenye matuta na kubanwa kwa klipu, au bomba hukazwa kwa nati kwenye uzi. Jiko letu lina uzi wa nusu inchi upande wa kushoto nyuma, nalo limefungwa mdomo wenye matuta unaopokea mpira wenye uwazi wa milimita 8 ndani. Tuliyaandika yote hayo, na upande pia, kwa sababu upande huamua mtungi utakaa wapi na mpira utapita wapi. Mpira usipite nyuma ya oveni, maana joto la hapo huukausha.

Kisha tukatafuta kibandiko cha kiwandani, ambacho huwa nyuma ya jiko au ndani ya mlango wa chini. Kibandiko hutaja gesi ambayo jiko limeundiwa na nguvu yake. La kwetu linasoma G30, yaani gesi ya mitungi, na nguvu ya milibari 28 hadi 30. Jambo hili si la kupuuzwa. Baadhi ya majiko ya mtumba yanayotoka Ulaya yaliundiwa gesi asilia inayokwenda kwa bomba, na jeti zake, yaani vile vitundu vya shaba vinavyotoa gesi, ni vikubwa zaidi. Ukiliunga jiko kama hilo na mtungi, moto huwa mrefu, wa njano na wenye masizi, na kusafisha pleti hakusaidii chochote mpaka jeti zibadilishwe.

Sababu hiyo hiyo ya nguvu ya gesi ndiyo inayokataza kuazima regyuleta ya jiko kubwa la hotelini au la shughuli, ile yenye kitasa cha kuongeza na kupunguza nguvu. Hiyo hutoa gesi kwa nguvu iliyo mara nyingi zaidi ya ile ambayo jiko la nyumbani linaistahimili. Mpira wake na swichi zake havikuumbwa kwa ajili hiyo.

Hali ya mpira

Mpira wa gesi huzeeka hata kama haukutumika. Watengenezaji wengi huchapa mwaka juu yake, na ushauri ulioenea ni kuubadilisha usipite miaka mitano, au mapema zaidi ukionyesha dalili. Wetu ulichapwa 2017. Huo peke yake ulikuwa ushahidi wa kutosha, lakini tuliukagua pia, ili niweze kueleza dalili zenyewe.

Uukunje mpira kwenye kidole chako kama unayekunja utambi, na uutazame upande wa nje wa kunjo. Mpira mzima hubaki laini na rangi yake haibadiliki. Mpira uliokufa huonyesha nyufa nyembamba kama za udongo uliokauka jua, na wakati mwingine hutoa sauti ya kukwaruza. Anza na ncha mbili zilizobanwa, kwa sababu hapo ndipo mvuto na joto hukutana. Tazama pia alama za meno ya panya, alama za kuungua, na mahali palipobonyea chini ya mguu wa jiko. Asubuhi za mwezi wa Julai, baridi yetu hukaza mpira ukawa mgumu, na nyufa huonekana wazi kuliko mchana. Huo ndio wakati mzuri wa kuukagua.

Mpira wetu ulikuwa na nyufa kwenye ncha ya upande wa jiko. Mmoja wa wanakamati alishauri tuikate ile ncha, kwani sehemu iliyobaki ni ndefu na inaonekana nzima. Fundi alimjibu kwa adabu: Mzee wangu, mpira huu ulitoka kiwandani siku moja, mwanzo wake na mwisho wake. Ncha imetangulia tu kutoa habari. Tukaukata vipande viwili katikati, tukautupa, ili asije mtu akauokota akautumia. Katika karatasi tukaandika: jiko linauzwa bila mpira na bila regyuleta, mnunuzi anunue mpira mpya wa gesi, usiozidi mita moja na nusu, na klipu mbili za chuma za kukaza kwa bisibisi. Bomba la kumwagilia maji si mpira wa gesi, kwa kuwa gesi ya mitungi hulilainisha na kulipasua. Waya wa kufungia uzio nao si klipu, maana hukata mpira upande mmoja na kulegea upande wa pili.

Ukaguzi wa uvujaji

Kwa ajili ya ukaguzi tuliazima mpira mpya, regyuleta nzima na mtungi. Tukachanganya sabuni ya maji na maji kwa kiasi sawa, tukachukua brashi ndogo ya kupakia rangi. Jiko lilikuwa uani penye hewa, hakuna moto wala sigara karibu, simu tumeziweka mbali. Swichi zote za jiko zikiwa zimefungwa, tukafungua mtungi, tukapaka povu kwenye maungio yote matatu, kisha tukasubiri tukitazama. Povu linalokaa lilivyo si kitu. Povu linalozaa vipovu vipya vinavyokua ni gesi inayotoka. Hakuna njia nyingine ya nyumbani iliyo bora kuliko hii, na ya kiberiti haifai kutajwa hata kwa mzaha.

Maungio yote yalikuwa shwari. Fundi akang'oa vitasa vya swichi, akapaka povu kwenye vijiti vya chuma vinavyozungushwa na vitasa hivyo. Watu wengi hawafiki hapo. Kwenye swichi ya mbele kushoto vikaanza kuota vipovu vidogo mfano wa mbegu za mchicha, vikakua polepole, vikapasuka, vikarudi. Swichi ilikuwa imefungwa, na gesi ilikuwa ikitoka.

Sababu yake ni hii. Ndani ya swichi nyingi za namna hiyo kuna kipande cha shaba chenye umbo la pia, kinachozunguka ndani ya tundu lililochongwa kukilingana. Kinachoziba gesi kati ya viwili hivyo ni utando mwembamba wa grisi maalumu. Miaka ikipita na joto likizidi, grisi hukauka na swichi huwa nzito kuzungusha, kisha gesi hupata njia. Dawa yake ni fundi kuifungua, kuifuta na kuipaka grisi ya swichi za gesi. Mafuta ya kula au ya baiskeli hayafai, maana hukauka au kuyeyuka, na uvujaji hurudi.

Ni uvujaji mdogo, na pua zetu hazikuunusa pale uani. Lakini ndugu msomaji, fikiria nyumba zetu za huku: usiku wa baridi madirisha yamefungwa na kitambaa kimewekwa chini ya mlango. Gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa, haipandi ikatoka darini. Hushuka ikatanda sakafuni, hasa kwenye jikoni zetu zilizojengwa ngazi moja chini ya nyumba kwa sababu ya mteremko. Inatosha gesi ifike takriban sehemu mbili katika mia ya hewa, cheche ya kwanza ya alfajiri itaiwasha. Harufu ile kali huongezwa makusudi ili ituonye, lakini pua iliyokaa nayo muda mrefu huizoea na kuacha kuisikia.

Fundi aliitengeneza ile swichi, na siku ya pili tukarudia povu mara mbili. Hapakuwa na kipovu. Tukafanya pia jaribio la kusubiri: swichi zote zimefungwa, tukafungua mtungi, tukaufunga tena, tukakaa robo saa. Kisha tukawasha njiti, tukaisogeza kwenye pleti moja na kufungua swichi yake. Moto uliruka kidogo ukafa, yaani gesi iliyobaki ndani ya mpira ilikuwa bado ipo. Kama usingeruka kabisa, tungejua kuwa imetoroka mahali fulani. Jaribio hili ni la kukadiria tu na halichukui nafasi ya povu, lakini hutoa habari za sehemu ambazo brashi haifiki.

Je, tuandike lililokwisha tengenezwa?

Hapa palitokea mjadala katika kamati. Mhazini wetu, mtu mwaminifu ambaye hesabu zake hazijawahi kupungua senti, alisema: Swichi imetengenezwa na imejaribiwa. Aibu iliyoondoka si aibu tena. Kwa nini tuitaje na kuwatisha watu, ilhali tangi la maji linasubiri? Hoja yake haikuwa ya mtu mdanganyifu. Ilihitaji jibu.

Jibu la kwanza ni la kifundi. Swichi nne za juu zilitoka kiwandani pamoja, zimepata joto pamoja. Moja ikikauka, nyingine tatu ziko njiani. Kwa hiyo habari ya ile moja ni habari ya jiko zima, na mnunuzi akiijua atazikagua zote kila baada ya miezi michache. Akifichwa, atasubiri mpaka pua yake imwambie.

Jibu la pili ni la sheria yetu. Wengi wetu tunamfuata Imamu Shafii, na tulisoma kwamba mwenye kuijua aibu ya bidhaa yake hasalimiki kwa kusema nauza kama ilivyo. Neno hilo halimwondolei wajibu wa kueleza aliyoyajua, na mnunuzi akiigundua aibu iliyokuwepo siku ya mauzo, ana haki ya kurudisha. Na sote tunakijua kisa cha Mtume, rehema na amani zimshukie, alipoingiza mkono ndani ya rundo la nafaka sokoni akakuta unyevu chini yake, akamuuliza mwenyewe kwa nini hakuuweka juu watu wakauona. Swichi ile ndiyo ilikuwa unyevu wa rundo letu. Mhazini alinyamaza kidogo, kisha akasema: Basi iandike juu, lakini iandike pia kwamba imetengenezwa, maana hiyo nayo ni kweli. Alikuwa na haki. Kunyima bidhaa sifa yake si uaminifu.

Karatasi ilisomeka hivi:

*Linauzwa jiko la gesi, pleti nne na oveni. Pleti tatu zinawaka buluu. Ya nyuma kulia ina kofia iliyochakaa, inawaka kwa ncha za njano. Moto umeonwa hapa Kifungilo. Oveni ina kifaa cha kukata gesi moto ukizimika, nacho kinafanya kazi. Pleti za juu hazina. Linawashwa kwa kiberiti. Ni la gesi ya mitungi, milibari 28 hadi 30. Linaungwa nyuma upande wa kushoto kwa mdomo wenye matuta, mpira wa milimita 8. Linauzwa bila mpira wala regyuleta. Mpira wa zamani ulikuwa wa mwaka 2017, umepasuka, umetupwa. Swichi ya mbele kushoto ilikutwa inavuja ikiwa imefungwa. Fundi ameipaka grisi, na imekaguliwa kwa povu la sabuni mara mbili bila kuvuja. Swichi nyingine hazikuvuja, lakini umri wao ni mmoja. Ukaguzi ulifanywa kwa mpira na mtungi wetu. Urudiwe nyumbani kwa mnunuzi. Bei shilingi 280,000, maelewano yapo.*

Mtu wa kwanza aliisoma, akacheka, akaondoka akisema hajawahi kuona muuzaji anayejisengenya. Wa pili alitoa 200,000 kwa hoja ya ile swichi, nasi tukakataa. Wa tatu alikuwa mama mmoja anayeoka mikate kwa ajili ya kuuza, na wajukuu zake hulala chumba kinachopakana na jiko. Aliuliza swali moja tu: Mwanangu, kuzikagua hizo swichi nyingine nitaweza mwenyewe, au mpaka fundi? Tukamwonyesha brashi na sabuni, akajaribu kwa mkono wake, akaona ni kazi ya dakika tano. Tulipatana kwa 230,000. Mhazini aliandika katika daftari upungufu wa 50,000 bila kusema neno, na tangi lilingoja mwezi mmoja zaidi.

Jiko lilipofika kwake tulikwenda na fundi kurudia ukaguzi, kwa sababu ukaguzi wa uani kwetu ulishuhudia siku ile, mpira ule na mtungi ule tu. Jiko lililotikiswa barabarani juu ya pikipiki ya magurudumu matatu laweza kulegea nati iliyokuwa imekaza. Na kweli, mdomo wa nyuma ulikuwa umelegea robo mzunguko, na povu likaonyesha. Fundi akaukaza, akapaka tena, pakatulia. Karatasi yetu haikuwa na kosa, lakini peke yake isingetosha.

Tulimwachia yule mama maagizo mafupi, nayo yanamfaa kila mwenye jiko. Akisikia harufu ya gesi, afunge mtungi kwanza, afungue milango na madirisha, awatoe watoto nje. Asiwashe wala kuzima taa, asiguse kiberiti wala simu mle ndani, mpaka harufu iishe kabisa na mahali pa uvujaji papatikane kwa povu. Na kila usiku, baada ya sufuria ya mwisho kuteremshwa, afunge kwenye mtungi, si kwenye jiko peke yake. Mtungi ukifungwa, hata swichi iliyokauka haina gesi ya kuvujisha.

Wabillahi tawfiq.